Mapato yamelala miaka mitatu, mpango unasema yatapaa: nimwamini shemeji?

Mshauri, habari za kazi.

Nimestaafu mwaka huu na kiinua mgongo changu bado kiko benki. Mdogo wa mume wangu ana kampuni ya programu ya simu ambayo wenye maduka huitumia kuandika mauzo na kuhesabu mali iliyobaki. Kila duka hulipa ada ya mwezi. Ameniomba niweke 30,000 nami nipate asilimia 5 ya hisa. (Nimekata sifuri na kuficha sarafu, ila uwiano wa namba zote ni uleule.)

Kampuni ina miaka sita na nusu. Ada ni 10 kwa mwezi kwa kila duka. Mapato ya miaka mitatu iliyopita ni 41,400, kisha 43,900, kisha 45,500. Mwezi wa mwisho wa mwaka juzi waliingiza 3,740, na mwezi wa mwisho wa mwaka jana 3,840. Sasa mpango unasema mwaka wa kwanza watapata 60,000, wa pili 150,000, na wa tatu 420,000. Mchoro umelala kabisa halafu unasimama wima. Wauzaji ni wawili, watakuwa sita. Mishahara yote itatoka 22,000 hadi 40,000.

Nilipomuuliza alinijibu kwamba amekwisha kusajili maduka 1,250, kwamba soko lina maduka 350,000 na kupata asilimia 1 tu si kitu kigumu, tena yupo msambazaji mkubwa atakayewaunganisha na maduka anayoyauzia. Mume wangu anasema mdogo wake ni mchapakazi, nisimvunje moyo. Mimi si mtu wa mahesabu. Nahisi kuna kitu, ila sijui nikishike wapi.

Mstaafu Mwenye Wasiwasi

*

Dada yangu,

Umeniletea karibu kila kinachohitajika, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kuzidisha tu. Tukae nayo taratibu.

Watu wanaosoma mipango ya biashara kila siku huuita mchoro wa namna hiyo fimbo ya hoki: kipande kifupi kimelala chini, kisha mpini mrefu unapanda. Jambo la kwanza la kutazama ni mahali unapopindia. Mara nyingi hupindia kwenye tarehe ileile ambayo mwombaji anatarajia kupokea fedha. Hilo peke yake halimfanyi mtu kuwa mwongo, kwa sababu fedha huombwa ili zibadilishe kitu. Unachotakiwa kujua ni kitu gani hasa kitabadilika, na kama kinatosha kuupindisha mstari kiasi kile. Na hilo huwezi kulijua ukiwa unatazama mapato. Mapato ni jumla, na jumla huficha mengi. Weka fedha pembeni, uhesabu maduka.

Ada ni 10 kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka. Gawa mapato ya mwaka jana, 45,500, kwa 120, unapata 379. Hayo ndiyo maduka yaliyokuwa yakilipa kwa wastani mwaka mzima. Mwezi wa mwisho, 3,840 gawa kwa 10, yalikuwa 384. Sasa yaweke kando ya yale 1,250 aliyokutajia. Sidhani kama shemeji amekudanganya. Huenda kweli maduka 1,250 yamewahi kujisajili tangu kampuni ianze. Lakini 866 kati yake yaliingia, yakatoka, na sasa hayalipi. Mtu akikutajia idadi ya wateja, muulize palepale: wanaolipa mwezi huu ni wangapi? Akisita, gawa mapato kwa ada, utapata jibu bila kumsubiri.

Twende hatua nyingine. Miaka sita na nusu ni miezi 78. Maduka 1,250 kwa miezi 78 ni kama 16 kwa mwezi. Nachukulia kwamba kasi ilikuwa sawa miaka yote, jambo ambalo utalihakikisha kwa kumwomba orodha ya waliojiunga miezi 12 iliyopita. Kama ni 16 kwa mwezi, basi mwaka jana yaliingia maduka 192. Lakini yanayolipa yalitoka 374 mwishoni mwa mwaka juzi hadi 384 mwishoni mwa mwaka jana, yaani yaliongezeka 10 tu. Yaliingia 192, yakaongezeka 10. Kwa hiyo 182 yaliondoka, kama 15 kila mwezi. Ukilinganisha na maduka 379, ni asilimia 4 kwa mwezi.

Hiyo asilimia 4 ndiyo namba muhimu kuliko zote katika habari hii, na naweza kuweka dau kwamba haimo kwenye mpango uliopewa.

Tazama inavyofanya kazi. Wauzaji wawili wanaleta maduka 16 kila mwezi, kiwango ambacho hakibadiliki sana. Wanaoondoka hawako hivyo. Wao ni asilimia ya waliopo, kwa hiyo kadiri kampuni inavyokuwa kubwa ndivyo wanavyoongezeka. Yakiwa maduka 100, wanaondoka 4. Yakiwa 200, wanaondoka 8. Yakifika 400, wanaondoka 16, sawasawa na wanaoingia, na hapo kampuni inasimama. Ukitaka kulijua dari hilo kwa kampuni yoyote inayotoza ada ya mwezi, gawa wanaoingia kwa mwezi kwa kiwango cha wanaoondoka: 16 gawa kwa 0.04 ni 400. Shemeji yuko kwenye 384. Ndiyo maana mapato yamelala. Wengi hueleza kipindi cha kulala kwamba walikuwa wakijipanga, au soko lilikuwa halijaamka. Kwa kampuni hii maelezo hayo hayahitajiki, kwani imefika karibu na dari lake na itabaki hapo mpaka moja ya namba hizo mbili ibadilike.

Sasa tuugeuze mpango nao uwe maduka. Mapato ya 60,000 ni wastani wa maduka 500. Mapato ya 150,000 ni maduka 1,250. Mapato ya 420,000 ni maduka 3,500. Na 3,500 ni nini? Ni asilimia 1 ya 350,000, bila kupungua wala kuzidi. Hapo umeona mstari ulivyochorwa. Hakuanza na maduka aliyonayo akapanda mwezi kwa mwezi. Alianza juu, kwenye ukubwa wa soko, akachukua asilimia iliyoonekana ya unyenyekevu, akaiweka mwaka wa tatu, kisha akachora njia ya kuifikia. Kila mtu husema asilimia 1, kwa sababu inasikika ndogo kiasi kwamba anayebisha anaonekana mkorofi. Lakini hakuna muuzaji anayeamka asubuhi kwenda kuuza asilimia. Anakwenda kwenye duka, anaeleza, anaambiwa arudi kesho.

Tuihesabu kazi yake basi. Ili wastani wa mwaka wa tatu uwe 3,500, tuseme mwaka unaanza na maduka 2,000 na kumalizika na 5,000. Ongezeko hilo ni 250 kwa mwezi. Juu yake, asilimia 4 ya 3,500 ni maduka 140 yanayoondoka kila mwezi, ambayo lazima yafidiwe kabla hujaongeza hata moja. Jumla ni maduka mapya 390 kila mwezi. Leo wanapata 16. Muuzaji mmoja sasa analeta 8, kwa hiyo 390 yanahitaji wauzaji wapatao 49. Mpango una sita. Na mishahara ya 40,000 haiwezi kuwabeba hao 49, achilia mbali watu wa kupokea simu za maduka 5,000 yenye matatizo ya programu. Mapato yamezidishwa mara tisa, mishahara haijafika hata mara mbili. Ukiwa na mpango mkononi na una dakika tano tu, linganisha mistari hiyo miwili. Anayetunga mapato kwa kawaida husahau kutunga gharama zinazofanana nayo.

Nisingependa uishie hapo, maana kujua kwamba 420,000 haiwezekani hakukuambii kinachowezekana. Wauzaji sita, kila mmoja maduka 8, ni maduka 48 kwa mwezi. Dari linapanda hadi 1,200. Lakini halifikiwi siku moja. Mwombe kijana yeyote anayejua Excel akusaidie: seli E1 aandike 0.04, E2 aandike 48, B2 aandike 384, kisha B3 aweke hii na kuiburuta hadi B38, yaani miezi 36:

```
=B2*(1-$E$1)+$E$2
```

Mwisho wa mwaka wa kwanza utaona maduka kama 700, wa pili kama 894, wa tatu kama 1,012. Kwa mapato ni takriban 66,000, kisha 97,000, kisha 115,000.

Ziangalie namba hizo kwa utulivu, kwa sababu zina mambo mawili ambayo mtu hayaoni kwa haraka.

La kwanza ni umbo. Kwenye hesabu hii ongezeko kubwa liko mwanzoni, kisha linapungua kila mwaka: maduka 316, halafu 194, halafu 118. Mstari unapanda na kuanza kulala tena ukikaribia dari jipya. Ndivyo kampuni inavyokua pale unapoongeza wauzaji bila kubadilisha kingine. Mpango wa shemeji una umbo la kinyume, kila mwaka unaongeza zaidi ya uliotangulia. Kwa hiyo tofauti ya hesabu yangu na mpango wake haiko kwenye matumaini mengi au machache. Ni mashine mbili tofauti, na ile ya kwake haijaelezwa popote.

La pili linaweza kukugharimu usipolijua. Mwaka wa kwanza kwenye hesabu yangu ni 66,000, na hapo nimewaweka wauzaji wote sita kazini tangu siku ya kwanza. Ukiwapa miezi michache ya kuajiriwa na kuzoea, inashuka hadi karibu na 60,000. Maana yake mwaka wa kwanza wa mpango unaweza kutimia kabisa! Atakuja na uso mkunjufu, ataonyesha 60,000, nanyi mtaamini kwamba 150,000 na 420,000 ziko njiani, pengine mtaongeza fedha. Kumbe mwaka ule wa kwanza ungetimia hata kama miaka miwili inayofuata ni ndoto tupu. Fimbo ya hoki hupimwa vibaya sana kwa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu mtungaji mwangalifu huuacha uwe wa kawaida.

Je, mstari unaweza kupinda juu kweli? Unaweza. Zoom ilieleza kwamba Desemba 2019 ilikuwa na washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku katika kilele chake, na Aprili 2020 ikavuka milioni 300. Fimbo ya hoki ya kweli, na kila mtu anajua sababu yake na mwezi ilipoanza. Programu ilikwisha kuwepo, ilifanya kazi, na mtu aliyealikwa kwenye mkutano aliingia mwenyewe bila kutembelewa na muuzaji. Hata hivyo walilazimika kusahihisha taarifa yao ya mwanzo: walikuwa wameandika watumiaji, kumbe ni washiriki, na mtu mmoja akiingia mikutano mitatu anahesabiwa mara tatu. Kama kampuni kubwa namna hiyo iliteleza kwenye kuhesabu watu, usishangae ya 1,250.

Kwa shemeji naona njia tatu tu za kuupindisha mstari, na kila moja ina swali lake.

Njia ya kwanza ni kupunguza wanaoondoka, nayo ndiyo ninayoipenda. Asilimia 4 ikishuka hadi 2, dari la wauzaji walewale wawili linatoka 400 hadi 800, bila kuajiri mtu. Wakiwa sita linafika 2,400. Muulize hivi: kati ya maduka yaliyojiunga mwezi kama huu mwaka jana, mangapi bado yanalipa? Kwa kiwango cha sasa, kati ya 16 ungetarajia kama 10. Kisha akuonyeshe waliondoka lini. Kama wengi walitoka miezi miwili mitatu ya mwanzo na waliobaki wakatulia, tatizo liko kwenye kufundishwa na kuanzishwa, na hilo linarekebishika kwa fedha kiasi. Kama wanapukutika kidogo kidogo mwaka mzima, programu yenyewe haiwafai vya kutosha, na wauzaji wapya watakuwa wanaleta watu wa kuondoka. Kuna jambo jingine la kitaalamu hapa. Kama wengi huondoka wakiwa wapya, basi kampuni ikiongeza wapya kwa kasi, kiwango cha jumla kitapanda juu ya asilimia 4, kwa kuwa sehemu kubwa ya wateja watakuwa wageni. Ile 115,000 yangu ingekuwa ya ukarimu.

Njia ya pili ni wateja kuleta wateja. Hii ndiyo inayozaa umbo linalopinda juu, kwa sababu waliopo wakiwa wengi, wanaoletwa nao wanakuwa wengi. Swali lake ni jepesi: kati ya maduka 16 ya mwezi uliopita, mangapi yaliletwa na mwenye duka mwingine? Yakiwa mawili, hakuna mashine hapo. Na programu ya kuhesabu mali dukani si kama ya mikutano. Mwenye duka hana sababu ya lazima ya kumvuta mwenzake aingie, tena pengine ni mshindani wake.

Njia ya tatu ni msambazaji, na hapa ndipo uzito wote wa mpango ulipo hata kama shemeji hakusema hivyo. Wauzaji sita wanaleta 48. Ili kufikia 390, msambazaji lazima alete maduka 342 kila mwezi. Ndani ya mwaka ni zaidi ya 4,100. Kwa hiyo muulize msambazaji anauzia maduka mangapi kwa jumla. Kama ni 4,000, mpango unataka yote yakubali, bila hata moja kukataa. Kama ni 40,000, angalau kuna nafasi. Uliza pia neno kuunganisha lina maana gani. Kumpa orodha ya namba za simu ni jambo moja, na kuwaagiza madereva na wauzaji wake waieleze programu kila wanapopeleka mzigo ni jambo jingine kabisa. Atachukua gawio gani? Akichukua 3 katika kila 10, kampuni inabaki na 7, na ili kupata 420,000 hayatoshi tena maduka 3,500, yanahitajika 5,000. Muhimu kuliko yote, uliza kama wamejaribu. Eneo moja, miezi mitatu, maduka mangapi yalijiunga kupitia msambazaji na mangapi yanalipa mwezi wa tatu. Mkataba uliosainiwa bila jaribio ni karatasi yenye matumaini. Mazungumzo yanayoendelea, kwenye hesabu, yaandike sifuri.

Ombi moja zaidi, na ulilete kwa upole: aitafute mipango yake ya zamani. Mtu aliyeendesha kampuni miaka sita na nusu lazima amewahi kuandika makadirio, ya benki au ya mwekezaji mwingine. Yaweke juu ya huu wa sasa. Mpango mmoja kutotimia si kosa, biashara ina mambo yake. Ninachokitafuta mimi ni mpindo unaohama: mpango wa miaka mitatu iliyopita ulipanda kuanzia mwaka juzi, wa mwaka juzi ukapanda kuanzia mwaka jana, na huu unapanda kuanzia kesho, umbo likiwa lilelile na tarehe tu ndizo zimesogezwa. Ukiliona hilo, uliza mara ya mwisho ilikwama wapi. Anayejibu kwa namba za maduka amejifunza kitu. Anayejibu kwamba hakupata fedha za kutosha, na kwamba safari hii zitatosha, anakuuzia mpango uleule.

Sasa bei. Kutoa 30,000 kwa asilimia 5 ni kusema kampuni nzima ina thamani ya 600,000. Hiyo ni zaidi ya mara 13 ya mapato ya mwaka jana. Ukiamini 420,000 inaonekana rahisi, haifiki hata mara moja na nusu ya mapato ya mwaka wa tatu. Ukitumia 115,000 ni zaidi ya mara tano, tena kwa mapato yatakayokuja miaka mitatu baadaye. Unaona kazi ya mpini mrefu? Hauandikwi ili utimie, unaandikwa ili uihalalishe bei ya leo. Na ndiyo maana sikubaliani na mumeo kwamba kuuliza ni kumvunja moyo. Kampuni inayoweza kutoka 45,500 hadi 115,000 ni kampuni nzuri, na kama shemeji angeileta hivyo, kwa bei ya hivyo, ningekuambia ufikirie. Uchapakazi wake siutilii shaka. Mtu mvivu hadumu na wauzaji wawili miaka yote hiyo.

Ningekuwa wewe ningekwenda na mambo haya. Fedha nisitoe zote kwa mkupuo. Ningeanza na theluthi, yaani 10,000, ielekezwe kwenye kazi moja inayotajwa kwenye makubaliano: ama kupunguza wanaoondoka, ama kulijaribu eneo moja na msambazaji. Kila mwezi nipewe namba tatu, walioingia, walioondoka, na wanaolipa, na hiyo ya tatu ilingane na taarifa ya benki ukigawa kwa 10. Mapato ya mwaka nisiyatumie kama kipimo, kwa sababu niliyokwisha kueleza. Kama wauzaji sita wako kazini tangu mwanzo, mwezi wa sita wanaolipa wawe kama 560. Mpe nafasi ya kuajiri, ukubali hata 500, lakini usikubali kiwango cha wanaoondoka kipande juu ya asilimia 4. Awamu ya pili itoke hapo, na bei yake mkubaliane sasa, kwa maandishi, isije ikapandishwa kwa sababu mwaka wa kwanza umetimia. Na uulize utatokaje: asilimia 5 ya kampuni ya familia haina soko la kuiuza, kwa hiyo kama hakuna gawio lililoandikwa wala haki ya kumrudishia hisa kwa bei inayojulikana, kiinua mgongo chako kitakaa humo mpaka yeye atakapoamua.

Anza na ombi moja tu wiki hii: jedwali la maduka kwa mwezi yaliyojiunga, likionyesha yanayolipa hadi leo, miezi 24 ya nyuma. Kama ana programu ya kuhesabu mali za watu, hawezi kushindwa kuhesabu wateja wake jioni moja. Likifika, nitumie. Ikiwa waliojiunga mwaka huu wanabaki kwa wingi kuliko wa mwaka jana, basi ile asilimia 4 yangu imepitwa na wakati, na dari nitalihesabu upya pamoja nawe.